Mzee amelazwa, simu ilikuwa inafunguka kwa kidole chake, sasa inadai pateni. Kwenu nani anajua pateni yako?

#1 BintiMoro
Wakuu salaam. Baba yangu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Jumapili alianguka, daktari akasema ni kiharusi. Anapumua mwenyewe, anatufungulia macho, lakini hasemi, na upande wa kulia hausikii.

Simu yake ni Android. Siku za mwanzo nilikuwa nashika kidole chake nagusisha, inafunguka, napata namba za wateja na za mtu anayetuletea saruji. Tangu jana kidole kinagoma, inataka pateni, na pateni anaijua yeye peke yake. Mama hajui, kaka hajui, mimi sijui. Huku wateja wanaendelea kulipa kwenye lipa namba, ujumbe unaingia, hatuwezi hata kuona nani kalipa nini.

Maswali mawili. Kwanza, kwa nini kidole kimegoma ghafla? Pili, ninyi mmejipangaje? Ukilazwa kesho, nani ataifungua simu yako?

#2 Njemba_Tabata
Dada, simu ya mtu iache. Ukichimba simu ya mwanaume utakuta unachokitafuta.

#3 ChaiMaharage
#2 hebu soma tena. Ni baba yake na yuko wodini. Wewe nani anakuchimba mpaka unashtuka hivyo 😂

#4 NesiZawadi
Pole sana mdogo wangu. Kuhusu kidole mimi sioni ajabu. Mgonjwa mwenye dripu mkono huvimba, ngozi hulainika au hukauka mpaka inapasuka, na sisi tunawapaka spiriti kila mara. Hata mzima akitoka kufua kidole kinagoma. Jaribu kidole cha mkono usio na dripu, kama alikisajili. Ukifute kikauke kwanza.

#5 FundiKkoo
Nimefungua simu za namna hii nyingi. Mlete mtu na simu Kariakoo, pateni inatolewa dakika ishirini. Haina haja ya kumsumbua mzee.

#6 Mzee_wa_Seva
BintiMoro pole. Kabla hujamsikiliza mtu yeyote hapa, nijibu mawili. Simu ilizimika wakati wowote tangu Jumapili, hata kwa kuisha chaji? Na pale juu ya pateni pameandikwa maneno gani hasa?

Nauliza kwa sababu kidole si ufunguo kamili. Ufunguo ni pateni au PIN, kidole ni njia ya mkato ambayo simu inakukubalia kwa muda. Simu ikizimwa na kuwashwa, njia ya mkato inafungwa mpaka pateni ichorwe mara moja. Hata isipozimika, Android nyingi zikikaa saa 72 bila kuchorewa pateni zinaidai. Mzee kaanguka Jumapili, hesabu mwenyewe mpaka jana.

Kama ni kuzimika, simu nyingi huandika `Pattern required after device restarts`. Kama ni muda, huandika kitu kama `Pattern required for additional security`. Watengenezaji wengine hubadili maneno kidogo, ila tofauti utaiona.

#7 Mzee_wa_Seva
Halafu #5 Fundi, tusidanganyane. Simu za zamani sana ulikuwa unatoa pateni na picha zinabaki, hilo kweli. Za miaka hii data yote imefungwa kwa msimbo unaotegemea hiyo hiyo pateni. Utakachofanya ni kuiflashi, na ukiiflashi kila kitu kimefutika. Na ikiwaka itadai akaunti ya Google iliyokuwamo. Hapo familia itakuwa imepoteza data na simu haitumiki.

#8 FundiKkoo
Nimesema pateni inatolewa, sijasema data inabaki. Wateja wengi wanataka simu itumike tu.

#9 ChaiMaharage
Fundi wetu huyo 😂 Maandishi madogo kaja nayo baadaye.

#10 BintiMoro
Asanteni. Mzee wa Seva, kaka ndiye alikuwa nayo usiku wa kuamkia jana. Anaapa haikuzimika, ilikuwa kwenye chaji. Mama anasema chaja yenyewe ya pale wodini inalegea. Maneno ya kwenye skrini sikuyaona, maana kaka alijaribu kidole mara nyingi, kisha akaanza kubahatisha pateni, sasa inasema tu usubiri.

#11 Mzee_wa_Seva
Mwambie kaka aache sasa hivi. Ukikosea mara tano inakusubirisha sekunde thelathini, ukiendelea muda unaongezeka, na kuna simu zenye mpangilio wa kujifuta zenyewe baada ya kukosea idadi fulani. Hujui kama mzee aliuwasha.

Kuna kipimo kingine. Ipigie hiyo simu kwa namba yako, ambayo najua mzee kaihifadhi. Je, inaonyesha jina lako au namba tupu? Simu iliyozimika na kuwaka, ikiwa haijafunguliwa hata mara moja, haiwezi kusoma orodha ya majina, kwa hiyo huleta namba tupu. WhatsApp nayo haiiti kabisa. Ikileta jina, basi haikuzimika.

#12 BintiMoro
Nimepiga. Inaleta namba tupu. Na mzee alinihifadhi "Dogo", nimeona mwenyewe Jumatatu.

#13 Mzee_wa_Seva
Ilizimika. Kaka alilala.

#14 NesiZawadi
Inawezekana ilizimika, lakini kama kidole kilikuwa kimeanza kusumbua kabla ya hapo? Binti, Jumanne kilikuwa kinashika mara ya kwanza au mpaka urudie?

#15 BintiMoro
Kilikuwa kinashika baada ya mara tatu nne hivi. Kwa hiyo Nesi nawe una hoja. Kaka bado anaapa.

#16 Ngosha_Mza
Mimi yamenikuta kwa marehemu bro wangu, mwaka juzi. Tulimpeleka mtu kama Fundi wa juu hapo, simu ikarudi mpya kabisa, tupu. Picha za watoto wake wakiwa wadogo zote zilikuwa humo. Laini tuliitoa kwanza, hiyo ndiyo ilituokoa kwa mambo mengine.

Pesa ya kwenye simu ilibidi tufuate njia ndefu. Cheti cha kifo RITA, kikao cha ukoo kiandike muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, ndipo mahakama ya mwanzo. Tukiwa na barua ya usimamizi ndipo mtandao ukatusikiliza. Hela yenyewe haikuwa nyingi, nauli za kufuatilia zilikaribia kuila.

#17 Mdau_Muscat
Ndiyo maana mimi huku Muscat natumia iPhone. Nimemweka dada yangu aliyeko Tanga kama `Legacy Contact`, nikianguka kesho yeye anaingia kila mahali. Unaingia Settings, jina lako juu, Sign-In & Security, unamchagua, unamtumia ule ufunguo wenye mchoro wa QR. Dakika tano. Binti, wanunulie wazee iPhone.

#18 Mzee_wa_Seva
#17 umeweka kitu kizuri lakini si cha swali hili. Ile ni ya kifo tu. Dada yako atatakiwa kuwa na ule ufunguo pamoja na cheti cha kifo, Apple waupitie, ndipo apewe picha, nyaraka, ujumbe na bakapu, kwa miaka mitatu, kisha akaunti inafutwa. Nywila ulizohifadhi humo hazimo, na pasikodi ya simu yako hapewi. Ukilazwa ICU miezi miwili dada yako hana lolote.

Hata simu ya Apple ikizimika inadai pasikodi kwanza, na ikikaa saa 48 bila kufunguliwa inaidai pia. Kwa mgonjwa ni hali ile ile ya mzee.

#19 Mdau_Muscat
Sawa, lakini angalau picha zipo. Ngosha angefurahi.

#20 Ngosha_Mza
Kwa hilo nakubali.

#21 WakiliMtaa
Niingize neno la sheria kabla watu hawajajipeleka pabaya. Mgonjwa aliye hai na marehemu ni watu wawili tofauti kisheria.

Akiwa hai na ana akili timamu, anaweza kusaini hati ya uwakilishi, ile wengi wanaiita pawa ya atoni, na mwanawe akaenda benki kwa niaba yake. Asiyeweza kusaini anaweza kuweka dole gumba mbele ya shahidi anayestahili, mradi anaelewa anachokubali. Akishapoteza fahamu hawezi kuitoa tena. Na aliyeitoa zamani akifariki, hati imekufa naye siku hiyo hiyo. Nimeona watu wanakwenda benki na pawa ya atoni ya marehemu wanashangaa kurudishwa.

Akishafariki, anayechukua pesa kwa PIN ya marehemu anagusa mali ya mirathi bila kuteuliwa. Hata kama ni za jeneza, wenzake wanaweza kumdai hesabu. Na kuingia kwenye simu au akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Sisemi binti atakamatwa. Nasema ruhusa iliyoandikwa na mwenye simu akiwa mzima ina thamani kuliko watu wanavyodhani.

#22 ChaiMaharage
Wakili, kwa hiyo alivyokuwa anashika kidole cha mzee ni kosa?

#23 WakiliMtaa
Mwana anayetafuta namba ya muuza saruji ili duka lisifungwe, sidhani kama kuna atakayemshtaki. Angehamisha milioni tano kwenda kwake kwa kidole hicho hicho, hapo tungeongea lugha nyingine.

#24 NesiZawadi
Kwa upande wetu wodini huwa hatupendi kabisa kuona ndugu wanamshika mgonjwa vidole wakifungua simu. Tumeshuhudia ugomvi kitandani, mke mdogo kaja na simu, mke mkubwa kaja na mwanasheria. Binti simsemi vibaya, ila mgonjwa wake anafumbua macho. Muulize. Anaweza kukubali au kukataa hata kwa kukonyeza.

#25 Kipande_Temeke
Nesi kanigusa. Mwenye wake wawili anampa nani pateni? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

#26 ChaiMaharage
Rafiki huyo anaishi Temeke kwa bahati mbaya 😂 Ampe mama yake mzazi.

#27 Mzee_wa_Seva
Turudi kwa binti. Usiizime simu, iache kwenye chaji inayoshika, maana mpaka utakapoitoa laini kuna kazi moja bado inaifanya: simu zinaingia. Halafu fanya hivi leo.

Laini ya mzee ndiyo muhimu kuliko simu. Uitoe uiweke kwenye simu nyingine, kitochi hata, lakini kwanza jiulize kama laini ina PIN yake. Ukiiweka na ikadai PIN ya laini, usibahatishe: mara tatu tu inafunga na kudai PUK, na PUK ukiikosea mara kumi laini imekufa. PUK huwa imeandikwa kwenye lile kadi la plastiki laini ilikotoka. Tafuteni makabatini kabla. Laini nyingi hazina PIN, kwa hiyo bahati iko upande wako.

Ikishika, ujumbe wa malipo ya lipa namba utaanza kuonekana, wa jana hautakuja ila mpya zitakuja. Namba ya siri ya pesa usiijaribu. Kuona nani kalipa ni jambo moja, kutoa ni jambo jingine, na Wakili kashasema.

WhatsApp usikimbilie kuisajili kwenye simu nyingine. Ukisajili, ile ya simu ya mzee inatoka, na mazungumzo ya zamani hayaji kwa sababu bakapu iko kwenye akaunti yake ya Google. Na kama aliweka ile PIN ya tarakimu sita, bila hiyo utasubiri siku saba. Je, dukani kuna kompyuta aliyokuwa anaitumia WhatsApp?

#28 BintiMoro
Ipo! Laptopu ya risiti. Mzee hulalamika kuhusu simu kwa hiyo anajibu wateja humo. Nitakwenda kuangalia jioni.

#29 Mzee_wa_Seva
Hiyo ni dhahabu. Usiifunge, usiitoe kwenye akaunti. Inaendelea kufanya kazi bila simu, ila simu kuu ikikaa siku 14 bila kutumika inakatika. Una karibu wiki moja na kidogo kunakili namba na oda zote. Andika kwenye daftari, usitegemee picha ya skrini tu.

#30 Sista_Nai
Hamjambo kutoka Nairobi. Huku kwetu watu wamezoea kusema "next of kin niliandika benki kwa hivyo ni sawa." Si sawa. Jina uliloandika kwenye fomu ni la kupigiwa simu, akaunti za pekee hufungwa mpaka barua ya usimamizi itoke. Na pesa zinazosahaulika muda mrefu hupelekwa UFAA, mamlaka ya serikali inayotunza pesa zisizodaiwa, unaanza kuzitafuta huko.

Mimi nimemuongeza binti yangu kidole chake kwenye simu yangu. Hiyo imenitosha.

#31 Mzee_wa_Seva
Sista Nai, wazo la kidole cha pili zuri kwa siku mbili tatu. Simu ikizimika kidole cha binti kitagoma kama cha mzee wa Morogoro. Mpe PIN pia. Na kuna jambo hulijui: apu ya benki inayofunguka kwa kidole haiulizi kidole cha nani. Kidole chochote kilichosajiliwa simuni kinaweza kuifungua. Kwa binti uliyemlea mwenyewe hakuna shida, ila uwe unajua.

#32 Sista_Nai
Heee. Hiyo ya apu sikuiwaza. Jioni hii nitajaribu.

#33 Dogo_IT
Mimi natumia Bitwarden, ile ya kutunza nywila. Kuna sehemu ya dharura: nimemuandikisha mke wangu, nikampa muda wa siku 2. Yeye anaomba, mimi napata barua pepe, nisipokataa ndani ya siku mbili anafunguliwa nywila zote. Unaweza kuchagua siku 1, 2, 7, 14, 30 au 90. Mimi ndiye ninayelipia, yeye ana akaunti ya bure. Kwa ugonjwa hii inafanya kazi, maana haiulizi cheti cha kifo. Na kama mke anaomba nikiwa mzima napata habari, hapo ndipo tunaongea 😅

#34 Kipande_Temeke
Siku 2 nyingi. Wa kwangu ataomba Jumatatu saa tisa usiku nimelala.

#35 Mzee_wa_Seva
Dogo hii ndiyo ya maana kuliko zote zilizotajwa. Lakini itazame mwisho wake. Mke amepata nywila ya barua pepe yako, anaingia, Google inatuma kodi, yaani namba za kuthibitisha, kwenye laini yako. Laini iko ndani ya simu iliyofungwa. Amekwama mlango wa pili. Kwa hiyo weka pia zile kodi za akiba za Google, zile kumi za tarakimu nane, kwenye hazina hiyo hiyo. Na PIN ya laini kama unayo.

#36 Dogo_IT
Kodi za akiba sina. Naenda kuzichapa.

#37 Mama_Vitumbua
Nyote mnaongea makompyuta. Mimi nimeandika kwenye karatasi, bahasha nimeifunga, kaipokea dada yangu, kaiweka kwenye sanduku lake la kanga. Ndani kuna pateni nimeichora kwa mistari, namba ya siri ya laini, na jina la mtu ninayemdai laki mbili.

#38 ChaiMaharage
Mama Vitumbua, huyo anayedaiwa laki mbili anasoma huu uzi.

#39 Mama_Vitumbua
Ndiyo nimeandika hapa.

#40 WakiliMtaa
Bahasha ni nzuri sana na bei yake sifuri. Ongezea mstari mmoja: "Nikiugua nisiweze kuongea, namruhusu fulani kufungua simu hii kwa ajili ya biashara na matibabu." Weka tarehe na saini, shahidi asiwe yeye mwenyewe anayepewa. Haitoshi kwa benki, ila inamtetea aliyefungua.

#41 Ngosha_Mza
Tatizo la bahasha ni mtu kubadili PIN akasahau. Bro aliacha daftari, namba zote humo, hakuna hata moja iliyokubali.

#42 Mzee_wa_Seva
Kweli kabisa. Jaribio langu ni hili, na hugundua mambo kila mara: zima simu yako, mpe ndugu bahasha, aiwashe mbele yako wewe usiseme neno. Aone kama anafika mpaka ujumbe wa laini na barua pepe. Nilimfanyia mke wangu, alikwama kwenye PIN ya laini ambayo mimi naichapa bila kuifikiri. Rudia kila ukibadili simu.

Kwa Google yenyewe, ingia `myaccount.google.com/inactive`. Unachagua miezi 3, 6, 12 au 18 ya ukimya, unaweka hadi watu kumi, nao wanapata kiungo cha kupakua ulichowaruhusu. Hawapati nywila. Muda mfupi kabisa ni miezi mitatu, kwa hiyo kwa mgonjwa wa wiki haisaidii, kwa picha kama za bro wa Ngosha ingesaidia sana. Usipoweka, akaunti ikikaa miaka miwili bila kutumika Google wanaweza kuifuta.

#43 Njemba_Tabata
Nimerudi kusoma vizuri. Pole dada. Ila mimi bado simpi mtu pateni yangu, nikifa nimekufa nayo.

#44 NesiZawadi
Njemba, haki yako kabisa. Wako wengi kama wewe, na ukifika kwetu wodini simu yako inalia mfukoni wiki nzima, hatuna wa kumpigia. Kwa uchache jaza taarifa za dharura, zile zinazoonekana bila kufungua skrini, jina na namba ya ndugu mmoja. Huo si umbea, hazifungui kitu kingine.

#45 Njemba_Tabata
Hiyo nitaijaza. Namba ya nani sasa, hilo nalifikiria.

#46 BintiMoro
Narudi wakuu. Laini nimeitoa, haikuwa na PIN, ipo kwenye kitochi cha mama. Malipo mapya yanaonekana, watu wawili wameshapiga kuuliza mabati yao. Laptopu ilikuwa wazi, nimenakili wateja wote wa mwezi huu, na jamaa wa saruji kajibu. WhatsApp sijaigusa.

Pateni bado. Nesi, nilimuuliza mzee leo kama ulivyosema. Nilimshikisha kalamu mkono wa kushoto akachora, lakini michoro miwili haifanani. Nimeihifadhi yote. Mzee wa Seva, nijaribu?

#47 Mzee_wa_Seva
Umebakiwa na majaribio mangapi kabla ya muda mrefu wa kusubiri?

#48 BintiMoro
Sijui, kaka ndiye aliyeyatumia.

#49 FundiKkoo
Ukichora kwa mkono wa kushoto pateni inageuka kama kioo. Ijaribu upande wa pili kwanza.

#50 NesiZawadi
Si lazima igeuke. Wagonjwa wa kiharusi wengine hawaoni upande mmoja wa karatasi, nusu ya mchoro inapotea. Mpe karatasi iliyo upande anaotazama, yenye vitone tisa vimechorwa tayari, avionyeshe kimoja kimoja. Fanya asubuhi, jioni huwa amechoka.

#51 Mzee_wa_Seva
Fuata la Nesi. Na mpaka achague vile vile mara mbili mfululizo usiguse skrini.

#52 Kipande_Temeke
Wadau, kwenye laini ya eSIM hii habari ya kuitoa na kuiweka kitochi inakuwaje?

#53 Mzee_wa_Seva
Haitoki. Mwenye namba ndiye anayeihamisha, na huku kwetu ni kwa alama ya kidole chake na NIDA mbele ya wakala. Mgonjwa asiyetoka kitandani hana namna hiyo. Kwa mzee wako mwenye eSIM, namba ya benki na ya pesa ihamishie laini ya plastiki wakati bado anatembea.

#54 Kipande_Temeke
Mzee gani, ni mimi.